Mwaliko wa kikao: ovataimu na usafiri wa shifti ya usiku

Katibu wa tawi na Meneja wa wafanyakazi, habari zenu.

Nawaalika nyote wawili Jumanne ijayo saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa pale Section 58, Nakuru, nimechagua hapo kwa sababu si kwa kampuni wala kwa chama. Kila upande ulete watu watatu, na wawe na ruhusa ya kuamua, tusikae masaa mengi halafu mtu aseme anaenda kuuliza.

Ajenda ni mbili tu, vile mlivyoandika wenyewe: hesabu ya ovataimu, na gari la wale wanaotoka saa sita usiku. Tafadhali kujeni na peisilipi na rejista ya shifti, tuangalie karatasi moja sote.

Simu zizimwe, mmoja akiongea wengine wasikize, hakuna kurekodi, na hakuna kupeleka maneno kwa geti ama kwa grupu ya WhatsApp kabla tukubaliane taarifa moja. Upande ukitaka kujadiliana kando, omba breki, utapewa. Mimi naongoza tu, siamui. Tukielewana tunaandika na kusaini hapo hapo, tusipoelewana pia tunaandika ni wapi tumekwama.

Nijibuni kufikia Ijumaa jioni, mkitumia hii meseji ndio kila mtu aone.