Ubao wa chakula wa Shangani, kutoka kwenye picha

Mama mdogo, shikamoo. Nimenakili ubao wako kama ulivyo. Hata tahajia sijagusa, tutarekebisha pamoja kabla sijapeleka kuchapisha. Maneno yaliyo kwenye mabano ni yangu. Taa yenu iko kushoto, kwa hiyo safu ya kulia imezama gizani, na flashi imepiga doa jeupe katikati.

[Juu, chaki ya njano]
KARIBUNI CHAKULA. MKOPO KESHO

ASUBUHI
Chai rangi 300
Chai maziwa 700
Chapati 500
Kitumbua 200
Supu pweza 2,000 [1,500 imekatwa, bei mpya iko juu yake]
Supu kuku 3,000 [imekatwa, mstari mmoja]
Ming'oko sahani 1,000

MCHANA
Wali nazi changu 4,500
Wali nazi mbazi 2,000
Wali kuku 5,000
Ugali muhogo kisamvu 2,500
Ngisi rosti [bei imemezwa na doa la flashi, zinaonekana sufuri mbili za mwisho]
Pilau nyama 4,500 [imekatwa, alama ya X kubwa]

JIONI [safu ya kulia, giza]
Chipsi kavu 2,000
Chipsi mayai 3,500
Kuku nusu 8,500 [au 3,500]
Mishkaki 1 500
[mstari mzima hausomeki: unaanza na K, bei 1,000]

VINYWAJI
Juisi ukwaju 1,000
Juisi mabibo 1,000 [imekatwa, mistari miwili]
Soda 800
Maji makubwa 1,000

Hiyo tarakimu ya kuku nusu nimeikuza mpaka picha ikavunjika. Tumbo la kushoto la namba linaonekana limefungwa, ila huenda ni vumbi la chaki. Nimeweka 8,500 kwa sababu wali kuku peke yake ni 5,000, na sidhani kama nusu nzima unaitoa kwa 3,500. Lakini wewe ndiye mwenye jiko.

Kinachonisumbua zaidi ni vilivyokatwa. Supu ya kuku mstari wake ni mwembamba, umepitishwa haraka. Nahisi iliisha tu siku hiyo, ibaki kwenye karatasi. Mabibo nayo naelewa, msimu wa korosho umepita, lakini Oktoba si utayarudisha? Ningeyaandika chini, "kwa msimu". Pilau ndiyo imepigwa X kana kwamba umegombana nayo. Hiyo naitoa kabisa, labda uniambie vinginevyo. Bei ya zamani ya pweza haina haja ya kuonekana, wateja wasianze kudai 1,500.

Naomba unisomee kwa sauti bei ya ngisi na ule mstari wa K. Usipige picha nyingine usiku. Kesho asubuhi, kabla hujafuta ubao, mwambie kijana autoe nje kivulini, asimame sawasawa mbele yake na flashi aizime.