Baba, naomba uisome mpaka mwisho

Shikamoo baba,

Nimeamua kukuandikia maana kwenye simu nikigusa tu habari za sigara unaniuliza wajukuu hawajambo, mada inaishia hapo na mimi nashindwa kukukatisha. Kwahiyo leo nasema yote, utasoma ukiwa umetulia, na ukikasirika sawa tu, bora unikasirikie ukiwa mzima.

Juzi nilipokuja nilikuwa nakuangalia unavyopanda ngazi. Ulifika katikati ukasimama, ukatoa simu kama unasoma meseji, ila kioo kilikuwa cheusi kabisa na kifua kinapanda na kushuka. Sikutaka kusema mbele za watu. Afu kile kikohozi cha asubuhi, cha kuinama umeshika ukuta, nyumba nzima tumeshakizoea mpaka tunakiita cha kawaida. Sio cha kawaida baba. Umevuta tangu una miaka 17 na sasa una 62, na kikohozi cha hivyo na pumzi kukata lazima daktari asikilize hicho kifua. Nitakupeleka mwenyewe.

Najua jibu lako, umri ushaenda, kuacha sasa hivi kutanisaidia nini. Hapo ndo nataka unisikilize vizuri. Kuna madaktari wa Uingereza, maelfu kwa maelfu, walifuatiliwa miaka 50 kuanzia 1951, wanaovuta na wasiovuta, na ikaonekana waliovuta maisha yao yote walikufa kama miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kabisa. Lakini walioacha wakiwa na miaka 60 hivi walijirudishia kama miaka 3. Miaka 3 baba! Mjukuu wako mdogo hajaanza hata shule, hebu fikiria miaka 3 kwake ni kitu gani.

Na mwili hausubiri. Ndani ya dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka, ndani ya siku chache ile gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi inakuwa imetoka kwenye damu, miezi inayofuata kikohozi na kuhema vinapungua. Ukimaliza mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara inashuka karibu nusu. Sitakudanganya kwamba mapafu yatarudi ya kijana, palipoharibika sana pameharibika, ila uharibifu unapunguza mwendo na hilo peke yake ni kubwa sana.

Halafu unasema babu alivuta mpaka uzeeni. Ni kweli, ila waliokufa mapema hawapo tukawaonyesha kidole, na Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua mpaka nusu ya watumiaji wasioacha. Na kupunguza kutoka pakiti mpaka sigara chache nakupongeza kwa moyo wote, najua haikuwa rahisi, ila kwa moyo na mishipa hata moja kwa siku bado inadhuru sana, haishuki kama hesabu ya pakiti inavyoshuka. Mama naye hajawahi kushika sigara maisha yake yote lakini huo moshi anauvuta kila siku na unamuumiza yeye pia.

Sikuoni dhaifu hata kidogo, wewe ndo mtu jasiri kuliko wote ninaowajua. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu ukivuta, miaka yote hii ubongo wako umezoeshwa hivyo, ndo maana ile mara ya mwisho arosto ilikushinda, ulijaribu kavukavu bila msaada wowote. Safari hii tusifanye hivyo. Zipo plasta za kubandika kwenye ngozi na bigijii zenye nikotini, zinakupa kidogokidogo bila moshi, na daktari atakwambia kipimo chako, maana una presha na unatumia dawa. Siku 3 za mwanzo ndo huwa mbaya, utakuwa mkali, usingizi utasumbua, na tutakuvumilia wote, mama nshamwambia. Hamu ikija huwa inapita ndani ya dakika chache tu, kwahiyo ikikubana nipigie, hata usiku wa manane, hata kama huna la kusema tupige tu stori mpaka ipite. Na ukiteleza ukavuta moja usiseme ndo basi, unaendelea palepale, wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Baba nakupenda sana, sijui kama huwa nakwambia vya kutosha. Nimeomba ruhusa kazini Alhamisi ijayo, nitakuja asubuhi twende kwa daktari pamoja. Vibiriti na vile visahani vya majivu naomba mama aviondoe kabla sijafika. Nitumie meseji uniambie kama saa 3 iko sawa.

Mwanao,
Rehema