Ripoti ya Tathmini ya Mahitaji ya Mafunzo kwa Watumishi Wanaotoa Chanjo katika Zahanati na Vituo vya Afya

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Nakala: Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, Mfamasia wa Wilaya, Katibu wa Afya
Kutoka: Mratibu wa Mafunzo
Tarehe: Aprili 3, 2025

Kiini cha ripoti

Watumishi wetu hawahitaji semina moja kubwa ya chanjo. Wanahitaji mafunzo mafupi, yafanyike kituoni, juu ya kazi tatu: kuchanganya chanjo za unga, kusimamia jokofu, na kutambua chanjo iliyoganda. Mafunzo ya kompyuta, ambayo ndiyo yaliyoombwa na wengi, yasubiri. Baadhi ya kasoro tulizoziona haziwezi kuondolewa kwa mafunzo ya aina yoyote, nazo zimewekwa peke yake ili zisije zikala bajeti ya mafunzo.

Tulivyofanya

Mwezi Machi tulitembelea vituo 14 kati ya 41, vikiwemo vya mbali ambavyo hufikiwa kwa nadra. Tulianza na maelezo ya kazi ya kila kada, tukayavunja kuwa majukumu yanayoonekana kwa macho. "Kutoa huduma ya chanjo" si jukumu la kupimika. "Kuandika muda kichupa cha surua-rubella kilipofunguliwa" linapimika. Kisha tulikaa kwenye kliniki ya watoto tukitazama, tukasoma chati za joto na leja, na kuwapa watumishi 29 zoezi la vitendo. Kati yao, 22 tuliwaona wakichanja. Mwisho ndipo tulipowauliza wanataka kufundishwa nini. Swali hilo likitangulia, majibu yote huegemea lililoulizwa.

Vituo havitajwi kwa majina humu. Orodha yenye majina imewasilishwa kwako katika bahasha ya peke yake, kwa kuwa wafawidhi walitufungulia majokofu kwa makubaliano hayo.

Nani hasa anafanya kazi hii

Hili ndilo lililotushangaza. Kwa mujibu wa maelezo ya kazi, jokofu la chanjo ni la muuguzi. Katika vituo 5 tulimkuta mhudumu wa afya ndiye anayelifungua asubuhi, anayesoma kipimajoto na kujaza chati, kwa sababu muuguzi ni mmoja na wakati huo yuko na mama anayejifungua. Barua ya mwito wa mafunzo humfuata mwenye cheo. Jokofu hufunguliwa na aliyepo. Ndiyo maana kituo kinaweza kuwa na vyeti vitatu vya mafunzo ya mnyororo baridi ukutani na bado jokofu lake likawa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuelekezwa hata saa moja.

Tunapendekeza washiriki wachaguliwe kwa jukumu wanalolifanya. Mhudumu afundishwe kusoma jokofu na kutoa taarifa. Asifundishwe kuchanganya wala kuchoma sindano: tukifanya hivyo tutakuwa tumehalalisha upungufu wa wauguzi kwa kisingizio cha mafunzo.

Mapengo, yakilinganishwa na majukumu

*Jukumu: kusimamia joto la jokofu.* Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, zisomwe asubuhi na jioni. Katika vituo 6 chati ilionyesha nyuzi 5, asubuhi na jioni, mwezi mzima, Jumapili zikiwemo. Katika mojawapo ya vituo hivyo tulibonyeza kitufe cha Fridge-tag mbele ya mfawidhi na kurudi nyuma siku moja moja. Siku tatu zilikuwa na alama ya tahadhari ya baridi, maana yake joto lilishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri au zaidi kwa muda wa saa nzima. Chati ya siku hizo hizo: 5, 5, 5, 5, 5, 5. Mtumishi hakujua kwamba kile kifaa kinatunza kumbukumbu za siku 30; alikuwa akisoma namba ya wakati ule tu. Watumishi 21 kati ya 29 walishindwa kufungua kumbukumbu hizo.

Lakini tuseme ukweli wote. Nyuzi 5 za Jumapili hazikuandikwa kwa kutojua. Ziliandikwa kwa sababu timu ya usimamizi, yaani sisi, hutoa alama kwa chati iliyojaa na kugomba kwa chati yenye nafasi wazi. Sehemu hiyo ya pengo haitibiwi na mafunzo bali na fomu yetu ya usimamizi, ambayo inapaswa kukubali nafasi wazi yenye maelezo na kuilinganisha chati na kifaa.

*Jukumu: kuchanganya chanjo za unga.* BCG na surua-rubella huchanganywa na maji yake maalumu kutoka kwa mtengenezaji yule yule, na kichupa kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Wachanjaji 9 kati ya 22 hawakuandika muda wa kufungua. Walipoulizwa watajuaje saa zimetimia, wengi walisema wanakumbuka. Kliniki yenye watoto sitini haina kumbukumbu ya namna hiyo.

Kubwa zaidi, katika vituo 5 maji ya kuchanganyia yalikaa kwenye kabati moja na dawa nyingine za sindano, vichupa vya kufanana vikiwa bega kwa bega. Mnamo Septemba 2014, katika jimbo la Idlib nchini Syria, watoto 15 walifariki baada ya dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji kuchanganywa na chanjo ya surua badala ya maji yake. Dawa hiyo ilikuwa imehifadhiwa pamoja na vifaa vya chanjo. Kwetu halijatokea, ila mpangilio wa makabati yale matano unaliruhusu litokee.

*Jukumu: kuamua kama chanjo inafaa kutumika.* Hapa pana imani moja iliyoenea: "VVM iko sawa, chanjo iko salama." Alama ya VVM kwenye kichupa hubadilika kwa joto tu, haisemi lolote kuhusu kuganda. Penta, PCV, IPV, HPV na chanjo ya pepopunda huharibika zikiganda, hata kama alama inang'aa kama siku ilipotoka bohari. Kwa Penta, HPV na pepopunda, mtu akishuku anatakiwa kufanya jaribio la kutikisa: achukue kichupa cha chanjo ile ile, cha toleo lile lile, akigandishe makusudi na kukiyeyusha, kisha akitikise pamoja na kile anachokishuku na kuvisimamisha mezani. Kinachoshukiwa kikitulia kwa kasi ile ile ya kilichogandishwa, au haraka zaidi, kinatupwa. Watumishi 4 tu kati ya 29 walifanya jaribio hili sawasawa. Wengine walitikisa kichupa kimoja na kukitazama kwenye mwanga, bila cha kukilinganisha nacho.

*Jukumu: kufuatilia watoto waliokatisha.* Watumishi 15 hawakuweza kukokotoa kutoka kwenye rejista ni watoto wangapi walipata Penta ya kwanza na hawakufika ya tatu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wanachokosa ni mazoea ya kuifanya kila mwisho wa mwezi na kumpa mhudumu wa afya ngazi ya jamii majina.

*Leja na maombi ya chanjo* hazikulingana na vichupa vilivyomo kwenye jokofu katika vituo 8, na watumishi 16 walikosea zoezi la kujaza ombi. *Kuripoti madhara baada ya chanjo*: watumishi 26 hawakujua fomu iko wapi. Vituo 10 havikuwa nayo kabisa, kwa hiyo tuanze na kupeleka fomu.

Vipaumbele

Kila pengo lilipewa alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu: madhara kwa mtoto jukumu likikosewa, marudio ya jukumu, na upana wa pengo kati ya watumishi. Alama zilizidishwa.

| Jukumu | Madhara | Marudio | Upana | Jumla | Mafunzo yanatosha? |
|---|---|---|---|---|---|
| Kusimamia joto la jokofu | 4 | 5 | 4 | 80 | Hapana, pamoja na fomu ya usimamizi |
| Kuchanganya chanjo za unga | 5 | 4 | 3 | 60 | Ndiyo |
| Kutambua chanjo iliyoganda | 4 | 2 | 5 | 40 | Ndiyo |
| Kufuatilia waliokatisha | 3 | 4 | 3 | 36 | Ndiyo, kwa kuelekezwa kazini |
| Leja na maombi | 3 | 3 | 3 | 27 | Kwa sehemu |
| Kuripoti madhara | 4 | 1 | 5 | 20 | Fomu kwanza |
| Kutumia kompyuta | 1 | 2 | 4 | 8 | Si sasa |

Hata hivyo, tumelipandisha jukumu la kuchanganya hadi nafasi ya kwanza, juu ya jokofu. Chanjo iliyoganda inamwacha mtoto bila kinga, na anaweza kuchanjwa tena. Kilichochanganywa vibaya kinaweza kumuua siku ile ile. Kuzidisha alama hakuioni tofauti hiyo.

Kuhusu kompyuta: watumishi 19 kati ya 29 waliiomba. Tunaelewa kwa nini, kwani cheti cha kompyuta kinamfaa mtu popote atakapohamia. Lakini katika vituo 11 kati ya 14 taarifa ya mwezi huandikwa kwenye karatasi na kuingizwa kwenye VIMS hapa wilayani. Vile vituo 3 vyenye kompyuta vielekezwe na Mratibu wa Chanjo anapopita, havihitaji kozi.

Yasiyo ya mafunzo

Majokofu 2 ya sola yana betri zilizochoka. Makasha 4 ya kubebea chanjo yana vifuniko visivyofunga. Kituo kimoja kina mtumishi mmoja tu anayechanja, na akiwa likizo chanjo hufungwa. Haya yaende kwa Mfamasia na Katibu wa Afya wiki hii.

Mpango unaopendekezwa

Mafunzo ya siku moja, kituoni, kwa makundi ya vituo vitatu vilivyo karibu, yakianza na vile 5 vyenye makabati yaliyochanganyika. Asubuhi ni kuchanganya, kwa vichupa vilivyokwisha muda na kuandikwa "MAFUNZO TU" kwa wino mwekundu. Mchana ni Fridge-tag na jaribio la kutikisa. Vichupa vya kugandisha viandaliwe usiku wa kuamkia mafunzo. Vituo vyote 41 vimalizwe kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha usije ukafunga na fedha kurudi.

Wiki 6 baada ya mafunzo, watathmini warudi bila taarifa na fomu ile ile tuliyotumia Machi. Kipimo ni kimoja kwa kila jukumu: kila kichupa kilichofunguliwa kiwe na muda ulioandikwa; chati ilingane na kumbukumbu za kifaa; watumishi 8 kati ya kila 10 wafanye jaribio la kutikisa bila kusaidiwa.

Kazi moja haingoji mafunzo. Tunaomba utoe maelekezo kwa wafawidhi wote kutenganisha maji ya kuchanganyia chanjo na dawa nyingine za sindano, na Mratibu wa Chanjo athibitishe kwa simu, kituo kwa kituo, ifikapo Ijumaa Aprili 11.

Maamuzi yanayoombwa: (i) kuidhinisha mpangilio wa vipaumbele kama ulivyo hapo juu, (ii) kuruhusu wahudumu wa afya wanaosimamia majokofu wahudhurie sehemu ya jokofu, (iii) kubadilisha kipengele cha chati ya joto katika fomu ya usimamizi kabla ya ziara ya mwezi Mei.