Muhtasari wa sheria ya moto kwa duka la Mamdogo, Leicester

Shikamoo mamdogo. Ile sheria ya moto ulonitumia nimeisoma yote pamoja na mwongozo wa serikali wa maofisi na maduka, nimekuandikia hapa kwa lugha yetu. Usome taratibu, ukimaliza uiprinti uiweke kwenye faili la duka. Nimeandika kwa duka lako lilivyo, yaani duka mbele, stoo na jiko la maandazi nyuma, juu flati ya wapangaji, kwahiyo usimpe mwenye duka mwengine akadhani ni yake.

Sheria yenyewe inaitwa Fire Safety Order ya 2005, ilianza kutumika Oktoba 2006, inahusu England na Wales. Siku hizi hakuna tena kile cheti cha moto cha zamani ambacho zimamoto walikuwa wanakupa unatundika ukutani ukatulia. Kazi imehamia kwako. Sheria inamtafuta mtu mmoja inayemwita mwenye dhamana, na dukani kwako ni wewe, kwa sababu wewe ndo umeajiri na funguo unazo wewe. Najua umesema mwenye nyumba ndo anashughulika na moto. Mamdogo hapana. Yeye ana dhamana ya ngazi ya wapangaji na sehemu za pamoja, ila ndani ya mlango wa duka ni wewe, na ukaguzi ukikuta kosa humo ndani barua inaandikwa jina lako. Ninyi wawili mnatakiwa na sheria mshirikiane, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 kila mmoja lazima amjulishe mwenzie kwa maandishi yeye ni nani na anwani yake ya hapa Uingereza. Mwandikie wiki hii, hata imeili fupi inatosha, weka kopi. Na kama yule aliyekuachia duka aliondoka baada ya tarehe hiyo, alitakiwa akukabidhi taarifa zake zote za usalama wa moto, kama hukupewa muombe.

Tathmini ya hatari ya moto

Hii ndo roho ya sheria yote, vifaa vinakuja baadae. Maana yake unapita duka zima unaangalia nini kinaweza kuwaka, nini kinaweza kuwasha, nani atakuwemo ndani, halafu unaandika umefanya nini kupunguza hatari. Watu bado wanaambiana eti kama huna wafanyakazi watano huna haja ya kuandika. Ilikuwa hivyo zamani, ila tangu hiyo Oktoba 2023 kila mtu anaandika, tathmini yote kamili, hata duka la mtu mmoja, na kama umemuajiri mtu akufanyie basi jina lake liwemo. Tafuta mtu anayejua kazi kweli, usichukue fomu ya mtandaoni ukajaza ndio ndio ndio.

Kwako lazima iandikwe ile karai ya mafuta ya Jumamosi, makopo ya dawa ya kupulizia na manukato, madumu ya mafuta ya kula, na mamdogo naomba usinichukie, chetezo. Najua duka bila udi halinogi na wateja wanapenda, ila mkaa wenye moto juu ya kaunta pembeni ya vitenge vinavyoning'inia, hata mimi nisiyekuwa mkaguzi roho iliniruka. Ufukize asubuhi kabla ya kufungua, chetezo kikae juu ya kigae mbali na nguo, na mkaa uzimwe kwa maji kabla ya kwenda kwenye pipa. Tena liandikwe hilo.

Halafu yule kijana wa Jumamosi ana miaka 17. Kwa walio chini ya 18 sheria inasema usimuajiri mpaka tathmini iwe imemfikiria yeye, yaani ugeni wake wa kazi na kutojua hatari. Kwahiyo asiguse karai kabla karatasi haijaandikwa.

Vifaa

Sheria haitaji idadi, inasema viwe vinavyotosha kwa mahali penyewe, idadi unaipata kwenye viwango vya Uingereza na hicho ndo mkaguzi anachopimia. Duka lako ni kama mita 8 kwa 15, kwa hiyo:

- Mitungi miwili ya maji au povu yenye alama 13A kila mmoja, jumla inakuwa 26A. Mmoja mlango wa mbele, mmoja mlango wa nyuma, mtu asitembee zaidi ya mita 30 kuufikia. Itundikwe ukutani, mizito mpini uwe kama mita moja toka chini.
- Mmoja wa kaboni dioksaidi, ule wa utepe mweusi, kwa ajili ya mafriji na umeme wa kaunta.
- Mmoja wa utepe wa njano kwa ajili ya karai, na blanketi la moto. Usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka hata siku moja, yanalipuka juu yanarudi usoni.
- Njia ya kugundua moto na kuonya watu. Kwa kuwa kuna watu wanalala juu na nyuma kuna jiko, mimi nadhani alamu ya umeme yenye vigunduzi haiepukiki, na mwenye nyumba akubali iunganishwe na ya juu. Wapangaji wasije wakaamshwa na moshi.
- Taa za dharura kwenye njia ya kutokea na juu ya mlango wa nyuma, na vibao vya kijani vya mtu anayekimbia.

Pia dari kati yako na wapangaji na mlango wa stoo unaojifunga wenyewe, hivyo ni vya kuzuia moto visitobolewe wala kuwekewa kitu usifunge. Mtu wa intaneti alitoboa tundu juu ya stoo kupitisha waya hakuliziba, nimeliona, ngumi inapita. Lizibwe kwa vifaa vya kuzuia moto, sio gazeti.

Mlango wa nyuma

Hili nimeliwekea kichwa chake maana ndo lilinikosesha usingizi. Jumapili nilipokuja kukusaidia kushusha mzigo nilihesabu katoni 14 za unga na maboksi mawili ya maji mbele ya mlango wa nyuma, halafu mlango una komeo juu na kufuli chini, na funguo ya kufuli ilikuwa kwenye mkoba wako mbele ya duka. Hebu fikiria karai inawaka pale nyuma dada wa zamu yuko stoo. Mbele kuna moto, nyuma kuna unga na kufuli. Atatokea wapi?

Sheria inasema njia na milango ya dharura iwe wazi wakati wote, ielekee nje haraka iwezekanavyo, mlango ufunguke kwa upande watu wanakokimbilia pale inapohitajika, na usifungwe namna ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuufungua mara moja. Weka ile bari ya kusukuma, kutoka nje wezi hawaingii na kutoka ndani mtoto anaufungua. Ukianza na kitu kimoja tu kwenye karatasi hii yote anza na hiki, leo hii kabla ya kufunga, na piga mstari wa njano sakafuni mzigo usivuke.

Ukaguzi wako mwenyewe

Sheria inataka vifaa vyote vitunzwe vifanye kazi vizuri, vipindi vinatoka kwenye viwango. Kila asubuhi ukifungua tazama milango na njia. Kila wiki jaribu alamu siku ileile saa ileile, kila wiki kitufe tofauti, na wapangaji wajue ni majaribio. Kila mwezi zima umeme wa taa za dharura kidogo uone zinawaka, na tazama mitungi kama pini ipo, na kwa ile yenye kipimo mshale uko kwenye kijani. Fundi wa alamu kila miezi 6, fundi wa mitungi mara moja kwa mwaka, na taa za dharura mara moja kwa mwaka zijaribiwe muda wake wote, kwa kawaida masaa matatu. Nunua daftari gumu, andika tarehe, umeangalia nini, umekuta nini, saini. Daftari lisiloandikwa mbele ya mkaguzi ni sawa na hujafanya.

Wafanyakazi wafundishwe siku ya kwanza wanapoanza kazi, ndani ya muda wa kazi sio baada ya kufunga, na warudiwe mambo yakibadilika. Zoezi la kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Wajue kupiga 999, wajue mnakutana wapi, pale kwenye stendi ya basi ng'ambo ya barabara panafaa. Tathmini yenyewe uirudie ukibadilisha kitu chochote kikubwa, mfano ukiongeza jiko au mashelfu.

Wakija na adhabu

Wanaosimamia ni zimamoto wa eneo, mkaguzi anaweza kuingia muda wowote unaofaa bila kukupigia simu, akaomba makaratasi na kuhoji wafanyakazi. Usimzuie wala usimdanganye, hilo peke yake ni kosa.

Makosa madogo utapewa ushauri kwa barua. Yakizidi inakuja notisi ya kurekebisha, muda wake hauwi chini ya siku 28. Hatari ikiwa kubwa wanatoa notisi ya kukataza, inaweza kuanza palepale, duka linafungwa lote au sehemu yake. Zote mbili unaweza kukata rufaa mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21. Rufaa ya notisi ya kurekebisha inaisimamisha kwanza, ila ile ya kukataza inaendelea kukubana mpaka mahakama iseme vingine. Na notisi hizi huingia kwenye rejista ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuiona.

Mahakamani, kosa lililoweka watu kwenye hatari ya kifo au kuumia vibaya, au kukaidi notisi, faini yake haina kikomo na jela ni hadi miaka miwili. Usisubiri mtu aumie ndo liwe kosa, hatari peke yake inatosha. Duka la New Look pale Oxford Street London liliungua Aprili 2007, hakuna aliyekufa, lakini mwaka 2009 kampuni ilipigwa faini ya pauni 400,000, kati yake 250,000 ni kwa tathmini isiyotosha na 150,000 kwa kutofundisha wafanyakazi. Wakakata rufaa wakashindwa. Yako haitafika huko kwa ukubwa wa duka, ila ona walichoadhibiwa, karatasi na mafunzo.

Jumamosi nakuja saa moja asubuhi kabla hujafungua, tutahamisha unga pamoja, naleta na vipimo vya ile bari. Funguo ya kufuli kwa sasa itundike kwenye msumari pembeni ya mlango na ukiwa na mtu ndani kufuli libaki wazi.

Mwanao