Majibu ya Baraza la Wazee kwa barua isiyo na jina

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe.

Majibu haya yanasomwa na mimi, makamu mwenyekiti wa baraza. Mchungaji wetu ametajwa kwenye barua, kwa hiyo hakukaa kwenye vikao vilivyoijadili wala hakuyaona maneno haya kabla yenu. Anayasikia sasa, pale alipoketi. Mtunza hazina naye alitoka nje kila tulipofika kwenye mambo yanayomhusu.

Wiki tatu zilizopita wahesabu sadaka walikuta katika kapu karatasi iliyochanwa kwenye kauntabuku, imekunjwa mara nne na kutiwa kwenye bahasha ya ahadi isiyo na namba. Hatutasema lilikuwa kapu la upande gani. Siku iliyofuata picha za barua hiyo zilikuwa zimeshafika kwenye simu za wengi wenu, na ndiyo sababu tunajibu hapa hadharani.

Kabla ya yote, tunaomba jambo moja. Tumesikia kuna watu wanafananisha mwandiko wa barua na daftari za kwaya, na kuna kijana mmoja ameshaulizwa maswali njiani akitoka mazoezini. Tafadhali acheni. Baraza halimtafuti mwandishi na halijamwagiza mtu yeyote amtafute. Barua yenyewe tumeitia kwenye bahasha, tumeifunga na kuikabidhi jimboni. Ni kweli Maandiko yanatuagiza tusipokee mashitaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu. Lakini katika kitabu cha Matendo, Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuuliza nani ameanzisha manung'uniko. Waliushughulikia mgao wenyewe, wakaagiza wachaguliwe watu saba wausimamie. Nasi tumeanza hapo.

Barua inasema shilingi milioni sita na ushee za harambee ya paa hazionekani. Tuliketi na daftari la harambee, stakabadhi na taarifa ya benki tangu saa tisa mchana hadi taa zikawashwa. Siku ya harambee yalitangazwa hapa madhabahuni makusanyo ya shilingi 23,550,000, na kanisa zima likapiga vigelegele. Kosa la kwanza ni letu, na lilifanyika pale pale: hatukuwaambia kwamba taslimu ilikuwa 14,350,000 na zilizobaki 9,200,000 zilikuwa ahadi. Hadi leo ahadi zilizolipwa ni 3,850,000. Jumla iliyoingia ni 18,200,000. Mabati 310 yalichukua 9,610,000, mbao 3,740,000, misumari na kofia 415,000, fundi 2,600,000 na usafiri 380,000. Tumetumia 16,745,000, na benki ipo 1,455,000. Ukichukua kiasi kilichotangazwa ukatoa matumizi, unapata 6,805,000, na tunaamini hiyo ndiyo milioni sita na ushee ya mwandishi. Hesabu yake ni sahihi. Isipokuwa ndani yake 5,350,000 ni ahadi ambazo bado ziko mifukoni mwetu, wazee wa baraza tukiwemo. Wazee wanne tulikuwa hatujamaliza zetu.

Hata hivyo, hatuwezi kusema kila senti ina karatasi yake. Katika fedha za usafiri tumekuta stakabadhi za 250,000 tu. Kwa 130,000 iliyobaki, mzee aliyesimamia anaeleza kwamba mwenye gari la pili hakumwandikia kitu. Inawezekana kabisa, sote tunajua magari ya mizigo ya hapa yanavyofanya kazi. Lakini maelezo si stakabadhi. Amepewa hadi mwisho wa mwezi alete maandishi ya mwenye gari au arudishe fedha hizo, naye amekubali mbele yetu.

Jambo la fundi. Barua inasema ni shemeji wa mtunza hazina. Ni kweli. Hatukuona dalili kwamba bei ilipandishwa, na paa lenyewe limepita masika bila kuvuja. Lakini utaratibu wetu unataka bei za mafundi watatu, nasi tulipokea ya mmoja kwa sababu mvua ilikuwa karibu na tulikuwa na haraka. Undugu huo wengi wetu kwenye baraza tuliufahamu na hatukuuandika kwenye muhtasari. Kwa hili tunawaomba radhi. Mtunza hazina hakulificha, sisi ndio tuliolichukulia kirahisi.

Sasa mnada. Nakiri hapa ndipo barua ilipotuchoma zaidi, maana ni jambo linalofanyika mbele ya macho ya kila mtu. Mwandishi anasema mama anashuka na mkungu wa ndizi kichwani tangu alfajiri, anautoa kwa Bwana, halafu mzee wa kanisa anaupata kwa shilingi 6,000 wakati sokoni hauondoki chini ya 15,000. Tulipitia daftari la mnada la miezi minne. Mara saba mnunuzi wa mwisho alikuwa mzee wa baraza, na mara tatu bei ilikuwa ya chini mno: mikungu miwili na jogoo mmoja. Hakuna aliyeiba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepandisha bei. Lakini nani atapandisha bei juu ya mzee wake, amesimama pale na Biblia mkononi? Tungepaswa kuliona hili bila kuandikiwa. Kuanzia leo, mzee, mwinjilisti au mtumishi yeyote wa usharika hatanunua kwenye mnada mpaka bidhaa iwe imetangazwa mara tatu na kukosa mnunuzi, na hapo atalipa bei ya soko. Wale watatu wameshaongeza tofauti, jumla 24,000, nazo zimeingizwa kwenye sadaka ya leo.

Kuhusu mfuko wa wajane, barua inadai Mchungaji anawapa watu wa jumuiya yake tu. Tumeona majina yote 19 ya mwaka huu na hati za kupokelea. Wanatoka jumuiya zote sita, na jumuiya anayoishi Mchungaji ina wawili. Dai hili hatukulikuta kuwa kweli, na ni haki yake lisemwe wazi kama lilivyosemwa lile la kumlaumu. Majina hatutayasoma, kwa heshima ya mama zetu, ila kila kiongozi wa jumuiya ataonyeshwa orodha.

Yapo maneno mengine mawili yanayogusa nyumba na ndoa ya mtumishi mmoja. Hayo hatuyasomi na hatuyajibu hapa. Hayakuja na shahidi wala tukio linaloweza kuchunguzwa, na watoto wa nyumba hiyo wameketi kati yetu. Tumeyapeleka kwa mkuu wa jimbo, ambaye ndiye mwenye mamlaka nayo. Mliobaki na picha za barua kwenye simu, tunawasihi mzifute.

Na wewe uliyeandika, huenda uko humu. Tunaelewa kwamba mtu haandiki usiku bila jina ikiwa anaona mlango uko wazi, na hilo limetuumiza. Ukiwa na zaidi, nenda kwa mkuu wa jimbo moja kwa moja, hata usipopita kwetu. Ukitaka kuja kwetu, njoo na mtu unayemwamini. Hutatengwa meza ya Bwana, wala hutaondolewa kwenye kikundi chako kwa sababu hii.

Mhasibu wa jimbo atakuja Jumatano saa nne asubuhi kukagua upya, na kila jumuiya imtume mtu mmoja aketi naye. Daftari la harambee, la mnada na stakabadhi zote ziko mezani ofisini kuanzia ibada hii itakapokwisha. Katibu atakuwepo hadi saa kumi.