Kuhusu: Salamu tumeipata – je, ni safari ya Kilimanjaro?

Nzuri kabisa, karibu sana. Barua pepe yako ya saa 3:12 asubuhi imetufikia hapa Moshi ikiwa na neno moja tu, "Habari", bila kiambatisho, kwa hiyo kama uliandika zaidi ya hapo, tafadhali tuma tena.

Kama ni kupanda mlima, tuandikie tarehe ya kuanza, idadi yenu, na kama ni Watanzania au wageni, maana viingilio vya hifadhi havifanani na bila hilo bei tutakayokupa itakuwa ya kubahatisha. Njia si lazima uijue sasa: Marangu mnalala kwenye vibanda, Machame kwenye mahema. Ila siku zifikirie mapema. Marangu hupandwa kwa siku 5 au 6, na wengi huchukua 5 ili kubana gharama. Sisi tunashauri 6, kwani usiku wa pili kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720, huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi kabla ya kupanda hadi kituo cha Kibo. Anayeuruka huweza kufika Kibo kichwa kikimgonga na chakula hakipiti.

Na kama ulikuwa unatusalimu tu, nasi tunakusalimu.

Dawati la wateja, Moshi