Ripoti ya ukaguzi wa kamera ya joto: transfoma ya 15 MVA, 33/11 kV, na viungio vyake

Kwa: Mkuu wa Matengenezo
Ukaguzi: alfajiri, saa 10:40 hadi saa 12:05
Hali ya hewa: nyuzi 24, upepo hafifu, hakuna mvua
Mzigo: ampea 410 upande wa 11 kV, yaani takriban asilimia 52 ya uwezo wa transfoma

Mkuu, kuna jambo moja lisilosubiri kesho, kwa hiyo naanza nalo.

Klampu ya fezi ya njano, pale waya wa fida namba 3 unapoungana na basbaa, imesoma nyuzi 71. Klampu za nyekundu na bluu, za aina ileile na zenye mzigo uleule wa ampea 180, zimesoma 34 na 35. Joto limekolea kwenye klampu yenyewe na kufifia kadiri unavyosogea kwenye waya, kila upande. Kwa hiyo ni mgusano uliochoka, si waya uliozidiwa. Kwa darubini nimeona chengachenga nyeupe pale alumini inapokutana na shaba. Pale hakuna bamba la metali mbili.

Hiyo 71 msiichukue kuwa kiwango cha juu. Kamera niliiwekea emisiviti ya 0.9, na alumini iliyofubaa haifiki hapo, kwa hiyo joto halisi ni kubwa zaidi. Tena mzigo wa alfajiri ni mdogo. Jioni fida hii hufika ampea 260. Joto la mgusano hupanda karibu na mraba wa mkondo: klampu sasa imezidi hewa kwa nyuzi 47, na 47 × (260/180)² inakaribia 98. Ukijumlisha na hewa unapata nyuzi 120 hivi. Hata nikitumia kipeo cha 1.6 badala ya 2, bado inakaribia 110.

Uamuzi wangu: fida namba 3 izimwe leo kabla ya saa 12 jioni. Ikishindikana, sehemu ya mzigo ihamishiwe fida jirani ili isizidi ampea 180 mpaka izimwe. Na tafadhali, mafundi wasiishie kukaza bolti. Uso ulioungua haurudi kwa spana. Klampu ibadilishwe na kuwekwa ya metali mbili, waya usuguliwe kwa brashi ya chuma, upakwe grisi ya viungio, kisha bolti zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha mtengenezaji.

Isoleta ya 33 kV, fezi ya bluu: taya limesoma 33, wenzake 27. Tofauti ya nyuzi 6 inaonekana ndogo, na wengi wangeipita. Lakini upande huo ulibeba ampea 137 tu. Jioni hufika 213, na tofauti itakuwa karibu 15. Isafishwe na kurekebishwa ndani ya wiki mbili, kwa kuzima kulikopangwa. Kabla ya hapo nitaipima tena usiku mmoja wenye mzigo mkubwa.

Bushi ya 11 kV, fezi nyekundu, ilinipa alama nyekundu kali kwenye kofia inayong'aa. Nilisogea hatua nne kushoto, alama ikahama nami. Ni taa ya uwanjani ikijiakisi kwenye metali. Hakuna kazi hapo.

Rejeta ni habari ya kinyume: hapa kasoro ni baridi. Saba kati ya nane zina nyuzi 52 juu na 41 chini, mteremko mzuri unaoonyesha mafuta yanazunguka. Namba 5 ina 27 kutoka juu hadi chini. Kiwango cha mafuta kwenye tangi la akiba ni cha kawaida, na majirani zake wana joto hadi juu kabisa, kwa hiyo mafuta hayajapungua. Namshuku valvu. Mpini wake umesimama kwenye "wazi", lakini sahani ya ndani inaweza kuwa imefunga.

Transfoma inakosa moja ya nane ya rejeta zake. Kwa mzigo wa sasa haina shida, ila karatasi ya kawaida ya kuhami huzeeka maradufu kwa kila takriban nyuzi 6 za ziada, kwa hiyo isiachwe ipite mwezi. Valvu isifunguliwe transfoma ikiwa na umeme: kama rejeta ina hewa, itapanda hadi relei ya gesi na kuangusha transfoma nzima. Ifunguliwe siku ileile ya isoleta, hewa itolewe kwa kizibo cha juu, na kiwango cha mafuta kiangaliwe kabla ya kuwasha.

Fida namba 3 ikishatengenezwa, nitapima ukinzani wa klampu zote tatu kwa mikroomu kabla ya kuwasha, kisha nitapiga picha tena usiku huohuo, ikiwa imebeba mzigo kwa saa mbili. Picha namba 07, 11, 12 na 19 zimeambatishwa.

Fundi wa upimaji wa joto